Mtoto anakohoa, tajiri anasema nisubiri Jumapili

Assalamu alaykum. Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, kwetu Pemba lakini nimepanga chumba Mwanakwerekwe na kazi yangu iko Mbweni. Naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 11 jioni, Jumapili napumzika. Mshahara ni shilingi 130,000. Nina mtoto wa miezi 8, mchana anabaki kwa jirani.

Leo siku ya nne anakohoa, usiku anapata homa, na tangu jana anaharisha. Jirani anasema ni meno. Jana asubuhi nilimwomba tajiri wangu ruhusa nimpeleke mtoto kituo cha afya. Alikuwa anatoka kwenda kazini, akasema, "Subiri Jumapili, nani atakaa na mama?" Mama mkwe wake hawezi kunyanyuka peke yake. Mwezi wa pili niliomba ruhusa kama hii ya chanjo, foleni ikawa ndefu, simu haina salio, nikafika saa 9 alasiri. Alinikata shilingi 10,000 na tangu hapo haniamini.

Sasa nafikiri kesho nimwambie mimi ndiye naumwa, au nimpe jirani ampeleke. Sitaki kupoteza kazi. Nifanyeje?

Mama wa Mwanakwerekwe

*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Tajiri tutamfikia, lakini kwanza tuanze na mtoto, kwani hali yake leo usiku ndiyo itakayoamua kama kesho unaomba ruhusa au unatoa taarifa. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na naona kwenye barua yako umeyachanganya.

Mtoto akilala au akitulia, mfunue kifua na tumbo, washa taa, uweke saa ya simu mbele yako. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa mafungu, mara mbio mara polepole. Asiwe analia wala ananyonya. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua mbio, na mtoto anayekohoa akapumua mbio wahudumu wa afya humtibu kama mwenye nimonia. Akishatimiza mwaka, kiwango kinashuka kuwa 40. Kwa hiyo ukipata 44, wako bado yuko chini ya mpaka. Ukipata 54, amevuka. Ukipata 49 au 51, subiri kidogo uhesabu tena. Pua iliyoziba hupiga kelele ikatisha watu, lakini kelele si mbio. Tazama tumbo, usisikilize pua.

Halafu tazama chini ya mbavu. Akivuta pumzi, kifua cha chini kinatakiwa kitoke nje. Kikibonyea kuingia ndani kila anapovuta, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Hakuna kusubiri pia akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea ukimwamsha haamki vizuri. Kwa kuwa anaharisha, tazama na macho kama yamezama, na umfinye ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha uiachie. Ikirudi polepole, maji yamempungua mwilini. Damu kwenye choo nayo ni ya kukimbilia hospitali. Ukiona mojawapo ya haya ni usiku huo huo, kwa gari lolote litakalopatikana, na kwa upande wenu Mnazi Mmoja ndiyo hospitali kubwa ya rufaa.

Hapo huombi ruhusa. Unaondoka, na ukiwa njiani unatuma ujumbe: "Bi Mkubwa, mtoto kazidiwa usiku huu, kifua kinabonyea, niko njiani hospitali. Asubuhi saa 1 sitakuwepo, tafadhali mtafutie mama mtu. Nitakupigia saa 3 nikujulishe." Ujumbe wa namna hii unampa mwenzako nafasi ya kujipanga kabla hajavaa viatu. Akiukuta saa 12 alfajiri atakasirika kwa shida yake ya siku hiyo, lakini atakuwa na muda wa kumwita dada yake au jirani. Akiukosa, akasubiri mlangoni mpaka saa 1 na nusu, hasira itakuwa kwako wewe.

Sasa tuseme umehesabu ukapata 46, ananyonya, analia kwa nguvu, homa inapanda na kushuka. Bado ninaona aende kituoni kesho, si Jumapili. Siku nne za kikohozi na homa zinatosha kupimwa, na kuharisha kumeongezeka juu yake. Kuhusu meno, jirani yako hasemi uongo, maana miezi 8 ndiyo wakati wa meno na mtoto huwa msumbufu na mate yanamtoka. Lakini meno hayaleti kikohozi cha siku nne na homa ya kila usiku. Tatizo la jina "meno" ni kwamba likishatajwa watu wanaacha kutazama. Na kabla ya kuisubiri Jumapili, ulizia kama kituo chenu siku hiyo kinaona watoto kama siku za kazi, usije ukakuta mlango umefungwa na siku nne nyengine zimekwisha.

Hebu tulitazame na lile jibu la tajiri wako. Umelisoma kuwa amekataa. Mimi ninaona swali ndani yake: "Nani atakaa na mama?" Uliomba asubuhi, yeye mkoba begani, gari linamsubiri, na hilo swali halikuwa na jibu kwako wala kwake. Ndani ya dakika mbili mtu wa namna hiyo atasema tu "subiri". Na neno "ruhusa" kwake, tangu mwezi wa pili, lina maana ya kutoka saa 1 na kurudi saa 9. Sisemi alifanya vizuri. Nasema ombi lile lilikosa saa ya kurudi na lilikosa mtu wa kukaa na bibi, na vyote viwili unaweza kuvipeleka safari hii.

Mwambie leo jioni, kabla hujatoka saa 11. Kama anarudi baada ya wewe kutoka, mpigie baada ya Isha. Saa zihesabu hivi. Ukifika kituoni saa 1 kasorobo, uko miongoni mwa wa mwanzo. Kuna kuandikishwa, kupimwa uzito na joto, kumuona mhudumu, pengine kutolewa damu kidoleni kwa kipimo cha malaria, kisha dirisha la dawa. Siku ya watu wachache unamaliza saa 3 na nusu, ya watu wengi saa 5. Ongeza nusu saa ya kumrudisha mtoto kwa jirani na nusu saa ya daladala mpaka Mbweni. Kwa hiyo usiahidi saa 4, kwa kuwa utaivunja. Ahidi saa 6 mchana na ufike saa 5 na nusu. Mwezi wa pili hukuharibu kwa foleni, foleni kila mtu anaijua. Uliharibu kwa kimya cha saa kadhaa bila simu. Safari hii nunua salio la shilingi 500 leo, liwe la kazi hiyo tu.

Na swali la bibi lijibu kwa kiasi chako. Huwajibiki kumtafutia tajiri mtu, lakini wewe ndiye unayejua bibi anahitaji nini kati ya saa 1 na saa 6, yeye hajui. Anahitaji kukalishwa na kupewa chai, dawa zake kama anazo, kupelekwa chooni pengine mara mbili, na mtu wa kusikia akiita. Chai unaweza kuiacha kwenye chupa tangu leo na mchuzi ukaupika leo leo ukabaki kupashwa. Linalobaki ni mtu wa saa tano. Maneno yangekuwa kama haya, uyageuze kwa ulimi wako:

"Bi Mkubwa, samahani nakuchosha. Mtoto leo siku ya nne anakohoa na homa, na anaharisha. Kesho nampeleka kituo saa 1 kasorobo, saa 6 niko hapa. Chai ya mama nitaiacha kwenye chupa, chakula nimeshapika. Kinachobaki ni mtu wa kumsaidia chooni mpaka saa 6, naomba tumtafute pamoja. Na wakiniambia nimrejeshe mtoto baada ya siku mbili tatu, nitakwambia siku hiyo hiyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayokuomba usiiache, hata ukisahau nyengine zote. Mtoto akionekana ana nimonia isiyo kali, kwa kawaida hupewa dawa aende nayo nyumbani na mama huambiwa amrejeshe baada ya siku mbili au tatu, mhudumu atazame kama kupumua kumetulia. Ndiyo siku inayoonesha kama dawa inafanya kazi. Na ndiyo siku ambayo akina mama wanaofanya kazi majumbani huikosa, kwa sababu ruhusa ya kwanza wameipata kwa taabu, mtoto anaonekana kachangamka, na wanaona haya kuomba tena. Ukiomba zote mbili kwa pamoja, ya pili haiwi ombi jipya.

Hapo pia ndipo ule mpango wa kusema wewe ndiye mgonjwa unapoanguka. Utakupa asubuhi moja, huenda. Baada ya siku tatu utahitaji asubuhi nyengine, utaumwa tena? Na dawa atakuona nayo mkononi, au jirani atakutana naye sokoni na kumuulizia hali ya mtoto. Sikulaumu kwa kulifikiria. Mtu asiyeaminika hata akisema kweli hushawishika kusema lolote. Lakini uliyotaka kuificha ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote. Mtoto wa miezi 8 anayekohoa siku nne ni jambo ambalo mama mwenzako analielewa bila kuelezwa.

Kumpa jirani ampeleke si wazo baya, na likibidi lifanyike, lakini lijue kasoro zake. Mhudumu atauliza homa ilianza lini, anaharisha mara ngapi kwa siku, ananyonya vipi usiku, amepewa dawa gani nyumbani, amesafiri Bara karibuni. Hilo la Bara linaulizwa kwa ajili ya malaria, ambayo hapa Zanzibar imepungua sana. Jirani anajua ya mchana tu, na homa ya mtoto wako ni ya usiku. Akienda yeye, basi andika kwenye karatasi majibu ya maswali hayo, uibane ndani ya kadi ya kliniki, na kama umempa mtoto dawa yoyote ya dukani tuma na paketi yenyewe. Umwombe akupigie akiwa bado mbele ya mhudumu, uyasikie maelekezo ya dawa kwa masikio yako.

Njia ya kumbeba mtoto kwenda naye kazini baada ya kituoni imewahi kusaidia wengine, hasa kwa kuwa mtoto anayeharisha anatakiwa anyonye mara nyingi. Kwako naiona nzito. Bibi wa umri huo akiambukizwa kikohozi, lawama hazitakwisha. Kama tajiri mwenyewe atakwambia uje naye, kaa naye chumba chengine na unawe mikono kwa sabuni kila ukimsafisha mtoto kabla hujagusa chakula au kumgusa bibi.

Kuhusu dawa kuna habari nzuri kwa mtu wa saa zako. Amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka, ambayo hutumika sana kwa nimonia ya watoto, hupewa mara mbili kwa siku. Asubuhi kabla ya kutoka na usiku baada ya kurudi, zote ni zako, humtegemei mtu. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako uliyoyakamua. Vidonge vya zinki vya kuharisha ni mara moja kwa siku, kwa umri wake miligramu 20, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Hicho nacho mpe usiku. Kinachobaki kwa jirani ni maji ya ORS. Paketi ya lita moja inavurugwa kwenye lita moja kamili ya maji safi, si kikombe kwa kukadiria, na yakivuka saa 24 yanamwagwa. Kila akiharisha apewe robo kikombe mpaka nusu, kwa kijiko, polepole. Akitapika, jirani angoje dakika 10 kisha aendelee taratibu zaidi. Pima lita kwa chupa ya maji ya dukani, uitie alama, umkabidhi. Na mkataze kabisa chupa ya antibayotiki iliyobaki kwa mtoto mwengine. Huwa haijulikani ilichanganywa lini, wala kipimo chake kilikuwa cha mtoto wa umri gani.

Kituoni dawa ikikosekana utaandikiwa ukanunue, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Nije kwenye ile shilingi 10,000, kwani naona imekuuma kuliko ulivyoandika. Unafanya kazi siku sita kwa wiki, karibu siku 26 kwa mwezi. Gawa 130,000 kwa 26, siku moja ni 5,000. Ukikosa mpaka saa 6 mchana umekosa nusu siku, 2,500. Siku ile ulifika saa 9, tuseme karibu siku nzima, 5,000. Wewe ulikatwa ya siku mbili. Huenda tajiri wako hakukusudia kukuonea, alitaja tu namba ya mviringo akiwa na hasira. Sipendi ulirudie deni hilo kesho, kesho ni ya mtoto. Ila mkikaa vizuri mwisho wa mwezi, hesabu hii muoneshe kwenye karatasi na muagane kwamba kuanzia hapo nusu siku ni 2,500. Au mpendekezee ufidie: saa tano za kesho ulipe kwa kubaki saa moja zaidi kwa siku tano. Njia ya kufidia ina hatari yake, maana isipoandikwa siku tano hugeuka mwezi. Itaje tarehe ya kwanza na ya mwisho.

Utaambiwa pia, na watu wa mitandaoni hasa, kwamba una siku 4 za likizo kisheria mtoto akiugua. Siku hizo ni za sheria ya ajira ya Bara ya mwaka 2004. Hapa kwetu ajira inaongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na ukimsomea tajiri wako kifungu cha Bara atakushinda kwa jambo hilo moja, na mengine yote uliyosema yatapotea. Ukitaka kujua haki zako, au ukifukuzwa kwa ajili ya kumpeleka mtoto hospitali, pa kwenda ni Kamisheni ya Kazi, na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU-Z kinashughulika na wafanyakazi wa majumbani. Sheha naye anaweza kuwapatanisha. Wote hao waweke akiba. Jambo likianzia kwa sheha, tajiri hatasikia mtoto anaumwa, atasikia ameshitakiwa.

Liko jengine dogo ambalo lingekupunguzia nusu ya haya mapema. Fungua kadi ya kliniki ya mtoto. Mwezi ujao anatimiza miezi 9, na hapo kuna chanjo ya surua na rubela; nyengine ya hiyo hiyo iko miezi 18. Siku za namna hiyo zinajulikana mbele, basi zisiombwe asubuhi ya siku yenyewe. Mtajie tajiri mapema, aziandike kwenye kalenda yake ya ukutani pamoja na zake. Zikishatengwa za kadi, zitakazobaki za kuomba ghafla ni za maradhi tu, na atazitofautisha.

Inawezekana, baada ya yote, akasema hapana. Sitakuchagulia hapo, kwa sababu kodi ya chumba unailipa wewe. Unaweza kumtuma jirani na karatasi yako kesho, kisha uombe wewe ile siku ya marejeo. Unaweza kwenda mwenyewe kwa taarifa na kukubali kukatwa. Yote mawili yana gharama, moja ya kutosikia maelekezo kwa masikio yako, jengine ya kazi kutikisika. Kitakachopima ni ile hesabu ya usiku. Ikiwa chini ya 50 na ananyonya, jirani anaweza kutosha. Ikivuka, hata saa 6 ile uliyoahidi isikushughulishe.

Ukirudi Mbweni, kadi usiiache nyumbani. Mhudumu ataandika humo tarehe ya marejeo, na tajiri akiiona tarehe kwa maandishi ya kituo huna haja ya kuapa. Na leo, akisha kulala, hesabu mara mbili, saa 3 na tena saa 6 usiku, uandike namba zote kwenye ile karatasi.